Vipande Vingapi Vinatosha?

Mwaka 1733, mjini London, Abraham de Moivre alichapisha karatasi fupi kwa Kilatini na kuwagawia marafiki wachache. Alikuwa Mfaransa wa Kiprotestanti aliyekimbilia Uingereza kwa sababu ya dini, akiishi kwa kufundisha hisabati majumbani na kuwajibu wacheza kamari maswali yao. Ndani ya karatasi ile mlikuwa na hesabu ambayo leo kila mwanafunzi wa takwimu huikuta tayari kwenye jedwali: ukirusha sarafu mara 3600, una uwezekano gani wa kupata kichwa mara 1800, ukizidisha au ukipunguza kidogo tu?

Aligundua kwamba jibu ni eneo lililo chini ya mkunjo wenye umbo la kengele. Tukihesabu mbali ya mkunjo huo kwa hatua, na kwa sarafu zake hatua moja ikiwa ni vichwa 30, eneo kati ya hatua moja kushoto na hatua moja kulia ni 0.682688. Kwa maneno mengine, vichwa vitakuwa kati ya 1770 na 1830 karibu mara saba katika kila kumi. Hesabu hiyo aliifanya kwa kujumlisha mfululizo wa namba zinazopungua, na aliipata vizuri mno: jibu sahihi ni 0.682689.

Tatizo lilikuja kwenye hatua ya pili. Hapo mfululizo wake ulipungua polepole mno, akachoka nao. Badala yake akapima kimo cha mkunjo mahali pane kati ya hatua ya 1 na ya 2, akaviunganisha vimo hivyo kwa kanuni aliyoirithi kwa Newton. Kwa pande zote mbili za kengele alipata 0.27160. Akajumlisha, akaandika 0.95428.

Jibu sahihi ni 0.95450. Kosa limeanzia kwenye desimali ya nne, ilhali De Moivre aliandika desimali tano. Mtu huyu hakuwa mzembe. Alichokosa ni njia ya kujua, kabla ya kuanza kazi, kwamba vimo vinne havitoshi kwa desimali tano. Njia hiyo tunayo leo, na hesabu yake inaenea kwenye mstari mmoja. Hebu tuirudie kazi yake tuone angehitaji vimo vingapi.

Tutatumia kanuni ya parabola, ambayo watu wengi huiita kanuni ya Simpson. Thomas Simpson alikuwa Mwingereza mfuma nguo aliyejifundisha hisabati mwenyewe, akaichapisha kanuni hii mwaka 1743. Hakuwa wa kwanza. Johannes Kepler alikwisha kutumia wazo hilohilo mwaka 1615 kukadiria ujazo wa mapipa ya mvinyo, na Wajerumani mpaka leo huiita kanuni ya pipa ya Kepler. Lakini jina la mfuma nguo ndilo lililokaa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Gawanya umbali kutoka a hadi b katika vipande n vilivyo sawa, na upana wa kipande kimoja uite h. Vipande vichukue viwiliviwili. Juu ya kila jozi kuna vimo vitatu, cha kushoto, cha kati na cha kulia, na kupitia nukta tatu hupita parabola moja tu. Eneo chini ya parabola hiyo linajulikana barabara, kwa hiyo unaliweka mahali pa eneo la mkunjo halisi. Ukijumlisha jozi zote, vimo vya ncha mbili huhesabiwa mara moja, vya witiri mara nne, na vya shufwa vilivyo katikati mara mbili:

```
S = (h/3) [ f0 + 4f1 + 2f2 + 4f3 + ... + 4f(n-1) + fn ]
```

Kwa kuwa vipande huchukuliwa viwiliviwili, n lazima iwe namba shufwa. Sharti hili linaonekana dogo, lakini litarudi kutudai baadaye.

Sasa, parabola ikiwa imekaa mahali pa mkunjo, kosa linatoka wapi? Mtu angedhani linatoka pale mkunjo unapopinda. Sivyo, kwa sababu parabola nayo hupinda. Tuchukue mteremko wa mkunjo, yaani kasi yake ya kupanda au kushuka. Mteremko huo nao hubadilika, na kasi ya badiliko lake tuiite mteremko wa pili: huo ndio unaopima kupinda. Parabola ina mteremko wa pili usiobadilika, kwa hiyo kupinda kwa kiwango kimoja hakuisumbui. Mteremko wa tatu hupima jinsi kupinda kunavyobadilika. Hapo parabola hushindwa kuufuata mkunjo, lakini kosa la kipande cha kushoto na la kipande cha kulia huwa sawa kwa ukubwa na kinyume kwa alama, yakafutana. Jaribu kwa x³ kutoka −1 hadi 1: vimo ni −1, 0 na 1, kanuni inatoa sifuri, na eneo halisi ni sifuri. Kwa bahati hiyo njema kanuni iliyotengenezwa kwa ajili ya parabola hutoa jibu kamili hata kwa mikunjo ya daraja la tatu.

Kosa la kwanza lisilofutika linatoka kwenye mteremko wa nne, ule ambao vitabu huuita derivativu ya nne. Tujaribu mkunjo mwepesi kuliko yote wenye mteremko huo, x⁴, kutoka −1 hadi 1. Vimo ni 1, 0 na 1, na h ni 1, kwa hiyo kanuni inatoa 2/3. Eneo halisi ni 2/5. Tofauti ni 4/15. Mteremko wa nne wa x⁴ ni 24 kila mahali, na upana wote ni 2. Ukitafuta namba ya kugawia 2 × 24 ili upate 4/15, utapata 180. Hiyo ndiyo 180 inayowashangaza wanafunzi kwenye kanuni ya kosa. Mfano mmoja hauthibitishi chochote, ila uthibitisho kamili hutoa namba hiyohiyo:

```
kosa  ≤  M (b − a)^5 / (180 n^4)
```

M ni dari ya mteremko wa nne, yaani namba ambayo mteremko huo hauivuki popote kati ya a na b, alama ya kutoa ikiwa imepuuzwa. Ukitaka kosa lisizidi kiasi fulani, tukiite ε, geuza kanuni hiyo ili n ibaki peke yake:

```
n  ≥  kipeuo cha nne cha  M (b − a)^5 / (180 ε)
```

Mstari ndio huo. Kuugeuza kunahitaji aljebra ya kidato cha pili tu. Kazi inayotoa jasho ni kuzipata ε na M kwa uaminifu.

Tuanze na ε. De Moivre aliandika desimali tano, na anayeandika desimali tano anaahidi kwamba kosa halizidi nusu ya nafasi ya tano, yaani 0.000005. Lakini namba yake, 0.27160, ni ya pande mbili za kengele, na sisi tutahesabu upande mmoja kisha turudufu. Kosa nalo litarudufiwa. Kwa hiyo upande mmoja una haki ya 0.0000025 tu. Wengi husahau hatua hii: jibu litakapokuja kuzidishwa, ahadi lazima igawanywe kabla.

Sasa M. Kimo cha kengele mahali x ni e^(−x²/2) kikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2π. Ukitafuta mteremko mara nne, unapata kimo hichohicho kikizidishwa kwa (x⁴ − 6x² + 3). Kati ya 1 na 2, mteremko huu wa nne unafikia ukubwa gani?

Mwenye haraka atajaribu ncha mbili. Kwenye x = 1 atapata −0.484, kwenye x = 2 atapata −0.270. Atachukua kubwa, aandike M = 0.484, aendelee na kazi. Ukigawanya 0.484 kwa 180 × 0.0000025, ambayo ni 0.00045, unapata takriban 1076. Kipeuo chake cha nne ni 5.73, kwa hiyo vipande 6.

Nimeifanya hesabu hiyo ya vipande 6. Inatoa 0.13590255 kwa upande mmoja, na eneo halisi ni 0.13590512. Kosa ni 0.00000257. Tuliahidi 0.00000250. Tumepitiliza kwa unywele, lakini tumepitiliza, na aliyetumia M ile alikuwa ameshatia saini kwamba haiwezekani.

Shida ni kwamba mteremko wa nne hauna wajibu wa kuwa mkubwa kwenye ncha. Ukiufuatilia kutoka 1 kwenda 2, unazama kwanza hadi −0.740 karibu na x = 1.356, ndipo unarudi juu. Namna ya kupanga mtego huu mapema ni kutafuta mahali ambapo mteremko wa tano ni sifuri, kwa sababu ndipo ule wa nne unapogeuka. Kwa kengele yetu swali hilo linageuka kuwa x⁴ − 10x² + 15 = 0. Ni swali la daraja la pili ukiichukulia x² kama kitu kimoja: x² ni 5 kutoa kipeuo cha pili cha 10, na x ni 1.356. Basi M halali ni 0.740. Mimi huandika 0.75, nisije nikaangushwa na desimali za mwisho. Dari ikiinuliwa kidogo haidhuru, ikishushwa kidogo inavunja ahadi.

Kwa M = 0.75, tunagawanya 0.75 kwa 0.00045, tunapata 1666.7. Kipeuo cha nne ni 6.39. Hapa kidole kinachobonyeza kikokotoo hutamani kuandika 6, kwa kuwa 6.39 iko karibu zaidi na 6. Lakini tunatafuta n isiyopungua 6.39, kwa hiyo tunapanda hadi 7. Na 7 ni witiri, kanuni haiipokei. Tunapanda tena hadi 8.

Vipande 8, vimo 9. Hicho ndicho kipimo cha De Moivre, aliyepima vimo vinne.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Kila kipande kina upana wa 0.125. Vimo vya ncha, kwenye 1 na 2, vina jumla ya 0.29596169. Vimo vinne vya witiri, kwenye 1.125, 1.375, 1.625 na 1.875, vina jumla ya 0.54221345, na mara nne yake ni 2.16885381. Vimo vitatu vya shufwa vina jumla ya 0.39844400, na mara mbili yake ni 0.79688800. Jumla ya yote ni 3.26170350. Zidisha kwa h/3, ambayo ni sawa na kugawanya kwa 24, na unapata 0.13590431.

Kanuni ya kosa ilituahidi kwamba kwa n = 8 hatutakosea zaidi ya 0.00000102. Kosa halisi ni 0.00000081. Ahadi imetimia, na dari haikuwa ya kupita kiasi.

Kuna faida nyingine inayopatikana hapa bila gharama. Kati ya 1 na 2 mteremko wa nne ni hasi mwanzo hadi mwisho, haubadilishi alama hata mara moja. Ukiwa hasi, kanuni ya parabola daima hutoa jibu dogo kuliko eneo halisi. Kwa hiyo hatuhitaji kutazama pande mbili za jibu letu. Eneo halisi haliko chini ya 0.1359043, wala haliko juu ya 0.1359054. Rudufu, na unapata kati ya 0.2718086 na 0.2718108. Namba zote zilizo kati ya hizo mbili, ukizikadiria kwa desimali tano, ni 0.27181. Hakuna tena nafasi ya ubishi.

Jambo hilohilo linaeleza kosa la De Moivre. Kanuni yake ya vimo vinne nayo inategemea mteremko wa nne, isipokuwa badala ya 180 × n⁴ ina 6480. Gawanya 0.740 kwa 6480, rudufu, na utapata 0.00023. Nayo pia hutoa jibu dogo pale mteremko wa nne unapokuwa hasi. Basi karatasi ya mwaka 1733, ikisomwa kwa jicho la leo, ilikuwa inasema: eneo liko kati ya 0.27160 na 0.27183. Na kweli limo humo, 0.27181. Namba yake haikuwa ya uongo. Ilikuwa na desimali mbili zaidi ya ilizostahili.

Msomaji anaweza kuuliza: je, nikikutana na mkunjo ambao mteremko wake wa tano siwezi kuutatua? Hapo kipeuo cha nne kinakuhurumia. Tuchukue makadirio ya kivivu kabisa kwa kengele yetu. Kati ya 1 na 2, x⁴ haizidi 16, 6x² haizidi 24, na 3 ni 3. Jumlisha zote kana kwamba alama ya kutoa haipo: 43. Kimo cha kengele hakizidi 0.242. Kwa hiyo mteremko wa nne hakika hauzidi 10.41. Dari hii ni mara kumi na nne ya ile halali, lakini ukiiingiza kwenye mstari wetu unapata 12.33, yaani vipande 14. Umefanya uvivu wa mara kumi na nne, ukatozwa faini isiyofika mara mbili. Kwa mtu mwenye kompyuta vipande sita vya ziada si kitu. Kwa De Moivre aliyepima kila kimo kwa kalamu, vilikuwa kazi ya jioni nzima, na hapo kumtafuta 1.356 kunalipa.

Nimeshawaona watu wenye elimu yao wakitatizika mahali pengine, na tatizo hilo halitokani na M. Rudi kwenye hatua ya kwanza ya kengele, kutoka 0 hadi 1. Jedwali la takwimu linasema eneo ni 0.3413. Tuseme tunataka tulipate wenyewe, desimali nne, ahadi ya 0.00005. Hapa mteremko wa nne ni mkubwa kuliko kote kwenye x = 0, nao ni 1.197, tuandike 1.2. Mstari wetu unatoa 3.40, kwa hiyo n = 4. Vipande vinne tu! Tunahesabu kwa uangalifu, tunapata 0.341355. Tunakadiria kwa desimali nne: 0.3414.

Jedwali linasema 0.3413. Nani kakosea?

Hakuna. Eneo halisi ni 0.341345, na sisi tulikosea kwa 0.000011, chini sana ya 0.00005 tuliyoahidi. Ila kati ya 0.341345 na 0.341355 umepita mpaka, 0.34135, ambao chini yake namba hushuka kuwa 0.3413 na juu yake hupanda kuwa 0.3414. Kukaribia kwa kiasi kilichoahidiwa ni jambo moja, kupata tarakimu ileile ya mwisho ni jingine. Kanuni ya kosa huahidi la kwanza tu, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba ε ya nusu nafasi ya nne inamhakikishia desimali nne sahihi amemzidishia kanuni maneno.

Ukihitaji tarakimu yenyewe, usitazame jibu peke yake, tazama jibu pamoja na dari ya kosa lake. Kwa vipande 4, kosa halizidi 0.000026, na eneo linaweza kuwa popote kati ya 0.341329 na 0.341382. Mpaka umo ndani, kwa hiyo bado hujui. Kwa vipande 6 jibu ni 0.341347 na dari ya kosa ni 0.000005, kwa hiyo upeo wa juu ni 0.341352. Mpaka bado umo, kwa unywele tena. Kwa vipande 8 jibu ni 0.3413454 na dari ni 0.0000016. Sasa mpaka uko nje, na 0.3413 inaweza kuandikwa bila wasiwasi. Hakuna anayeweza kukuambia mapema kwamba utahitaji 8, kwa sababu inategemea eneo halisi liko karibu kiasi gani na mpaka, na eneo hilo ndilo unalolitafuta.

Kuna mikunjo ambayo mstari wetu hauifai kabisa. Chukua kipeuo cha pili cha x, kutoka 0 hadi 1. Eneo lake ni 2/3 kamili, na mkunjo wenyewe hauna chochote cha kutisha machoni. Lakini kwenye x = 0 unaanza ukiwa wima, na mteremko wake wa nne hauna mwisho hapo. Hakuna M. Anayejaza namba yoyote kwenye nafasi ya M, pengine kwa kupima kwenye x = 1 ambapo mteremko huo ni 15/16 tu, anajidanganya.

Dalili huonekana ukihesabu mara tatu huku ukirudufu vipande. Kwa kuwa n iko kwenye kipeo cha nne, kurudufu vipande kunapaswa kupunguza kosa karibu mara 16, na tofauti kati ya jibu moja na linalofuata inapaswa kupungua kwa kiasi hichohicho. Kwa kengele kutoka 1 hadi 2, kutoka vipande 2 kwenda 4 jibu linasogea kwa 0.000220, kutoka 4 kwenda 8 linasogea kwa 0.0000124. Hiyo ni karibu mara 18, hali ni njema. Kwa kipeuo cha x, majibu ya vipande 2, 4 na 8 ni 0.6381, 0.6565 na 0.6631. Mwendo wa kwanza ni 0.0185, wa pili 0.0066. Umepungua mara 2.8 tu. Ukiona hivyo, acha kuongeza vipande. Kasoro iko mahali fulani kwenye mkunjo, na mara nyingi ni kwenye ncha.

Dawa mara nyingi ni kubadilisha kigezo. Andika x kama u². Eneo la kipeuo cha x linageuka kuwa eneo la 2u², ambayo ni parabola, na mteremko wa nne wa parabola ni sifuri. Vipande 2 vinatoa 2/3 kamili, mahali ambapo vipande 8 vya mwanzo vilikwama kwenye 0.6631.

Bado tumebakiwa na kikwazo kimoja, nacho ni cha vimo vyenyewe. Vimo vyetu 9 vikiandikwa kwa desimali tano kama kwenye jedwali la shule, kila kimoja kinaweza kuwa na kosa la 0.000005. Kwa umbali wa kutoka 1 hadi 2, makosa hayo yanaweza kuingia kwenye jibu kwa kiasi hichohicho, ambacho ni mara mbili ya 0.0000025 tuliyoahidi. Vipande 8, 80 au 800 havitasaidia. Ndiyo maana hapo juu nimeandika vimo kwa desimali nane. Ahadi ya desimali tano huanzia kwenye vimo.

Kwa hiyo msomaji, ukiletewa eneo lililohesabiwa kwa kanuni ya parabola likiwa na desimali nyingi, usianze kwa kuuliza vipande vilikuwa vingapi. Uliza M ilikuwa ngapi, na ilitafutwa wapi: kwenye ncha tu, au na katikati.